Hodi ya Kila Saa

Tovuti ya duka la vipuri ninakofanya kazi aliitunza kaka yangu. Seva tuliyokodi kwa kushirikiana na wengine haikuturuhusu kupanga humo kazi za kujiendesha kwa ratiba, basi kompyuta yake ya nyumbani ikawa inaita anwani ya siri yenye ufunguo kila saa kamili, na skripti, programu ndogo kule kwenye seva, inavuta idadi ya vipuri kutoka dukani.

Alipofariki, bosi hakungoja hata arobaini: "Badili ufunguo wa anwani, tutumie huduma ya mtandaoni kuiita." Nikabadili.

Leo wifi yangu, mjane wake, kanipigia. "Mbona kompyuta yake inaandika 'umekataliwa' kila saa? Sijaizima tangu tumzike."

Nikafungua kumbukumbu za seva. Saa tatu, saa nne, saa tano: kaka anabisha hodi, na aliyemfungia ni mimi.