Picha ya Mahat

Mwalimu Hinda, aliyefundisha kompyuta shuleni Garissa, aliwatumia wanafunzi barua pepe kwa mtandao wa maabara: "Kompyuta ni za wote. Kila mmoja aingie kwa jina lake na neno lake la siri. Bonyeza kipanya upande wa kulia, chagua Properties, kisha Background, uweke picha uipendayo kwenye skrini. Settings msiguse! Kila jina litatunziwa picha yake."

Wiki haikuisha, ugomvi ukazuka. Sirad aliweka mawingu, Yahye akayafuta. Mwalimu alipochungulia, aliona darasa zima limeingia kwa jina la mwenzao Mahat.

"Ametupatia mwenyewe, Mwalimu," alisema Sirad. "Sisi ni ndugu. Tutanyimana jina?"

"Na majina niliyowapa?"

"Yapo, Mwalimu. Tumeyaweka."

Hinda alimeza hasira, akamwandikia kila mmoja tena: "Usitumie jina la mwenzako!" Masanduku yote ya barua yakabaki bila kufunguliwa, isipokuwa la Mahat. Humo likatoka jibu moja:

"Mwalimu, barua tumeiona. Mahat yuko Balambala na ngamia wa baba yake. Akirudi tutamwambia aache kutumia majina ya watu."