Nshashiba

Matar ni fundi wa mafriji Mwanakwerekwe, na friji linalonguruma bila kugandisha hulitambua kabla hajafungua mlango wake. Binadamu walimpa tabu kidogo.

Jioni moja, baada ya magharibi, alimpeleka Mize, mwanamke aliyevutiwa naye, kwenye mkahawa wa Shangani. Wakati wa kuagana Mize alisema, "Ilikuwa jioni nzuri, ahsante. Mie nshashiba." Matar alirudi nyumbani akiwa bwana harusi nusu.

Wiki ikapita. Salamu akimpelekea, alijibiwa kwa adabu: alhamdulillah, nawe je? Neno la kuonana halikuja. Akamwendea dada yake, Ummkulthum, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Labda anaona haya, da Kulthum. Mwanamke hawezi kuanza."

"Huenda. Basi muulize wewe, mara moja. Siku, saa na mahala. Si 'tuonane siku moja', hiyo hata adui huambiwa."

Akaandika: Jumamosi, baada ya alasiri, Forodhani. Jibu likaja upesi: "Jumamosi nna shughuli. Ahsante sana kwa kunikumbuka."

"Ana shughuli tu," alisema Matar kwa matumaini.

"Angetaka angesema, 'Jumamosi siwezi, Jumapili je?' Hapa hakuna Jumapili. Mgeni akisema nshashiba, humwambia ongeza kidogo. Akikataa tena, unaondosha sinia. Humkimbizi na kijiko mkononi."

"Lakini alisema jioni nzuri!"

"Angesemaje, kakangu? Kuwa ulimchosha? Hilo ni neno la kumfikisha mtu mlangoni kwa heshima, si la kumrudisha." Akaacha ungo. "Hebu, Mize anafanya kazi gani?"

"Sikumuuliza."

"Ana ndugu wangapi? Kwao wapi?"

Alichokumbuka Matar ni sauti yake mwenyewe, ikieleza gesi, kompresa na talaka yake, toka chai ya kwanza hadi bili. Mara moja Mize alianza, "Mie juzi skuli…" naye Matar akadakia juu ya friji la skuli hiyo. Kumbe ni mwalimu. Au mpishi. Hajui. Uso ukamwaka: alikula jioni nzima ya mwenzake, kisha akaidhani 'nshashiba' yake ni sifa.

Akashika simu kumrekodia Mize ujumbe wa kuomba radhi. Akasema kuwa yeye si mtu mbaya, kuwa tangu utotoni ni mpweke, kuwa baba yake…

"Dakika ya nne hiyo," Ummkulthum akamkata. "Hata kuomba radhi unajisema wewe tu?"

Matar akafuta. Akaandika: "Niwie radhi, Mize, nilisema mno, sikukusikiliza. Huna haja ya kujibu."

Akabonyeza, akaiweka simu kifudifudi mkekani. Halafu akavuta ungo, akaanza kuokota mawe kwenye mchele.

"Da Kulthum," alisema, akiona haya, "mguu wako unaendeleaje?"

Ummkulthum akamtazama. Mguu ule ulikuwa ukimuuma tangu Ramadhani, na Matar hakuwahi kuuliza.