Ki, U, Ya, M

Kiswahili kilipoingizwa katika mtihani wa darasa la nane, mwalimu mkuu alinikabidhi kitabu kimoja na chaki. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Katito. Basi kila muhula niliandika ubaoni sentensi kumi zile zile, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu majibu yake nilikuwa na hakika nayo.

Nne za kwanza zilikuwa hizi: Kikombe nime__vunja. Mlango ame__funga. Mayai wali__pika. Mgeni tuli__karibisha.

Kwa Kijaluo mtendwa hukaa mkiani mwa kitenzi. Niliwafundisha kwamba kwa Kiswahili huingia katikati, baada ya wakati na kabla ya mzizi: nimekivunja, ameufunga. Pa kukaa walipajua. Nani akae hapo, wakakariri kama wimbo: ki, u, ya, m. Nami nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani nafundisha.

Aliyeimba kwa bidii kuliko wote alikuwa msichana aliyerudia darasa mara mbili. Baba yake mdogo, aliyemlea, alikuja shuleni akaniambia wazi: "Mwalimu, hii mock ndiyo ya mwisho. Akianguka Kiswahili tena, anaenda Muhoroni kulea watoto wa shangazi yake."

"Atapita, mzee," nikamjibu.

Walimu wa eneo letu tulisahihisha mtihani huo wa majaribio pamoja, kila mmoja akiwa na rundo lake. Karatasi zilikuwa na nambari tu, lakini ya msichana yule niliitambua kwa mwandiko kabla ya kumaliza ukurasa. Mgeni tulikingoja. Visu nimeunoa. Mlango ameyafungua. Mwalimu tutamsalimu.

Wimbo wangu, herufi kwa herufi. Sentensi zilikuwa nyingine, naye aliimba zile za ubaoni. Katika kumi alipata moja, ile ya mwalimu, na hiyo nayo kwa bahati. Nilitaka kuongeza alama. Lakini mwenzangu aliyehakiki karatasi zangu alikuwa ameketi ubavuni. Nikaandika moja.

Msichana na baba yake mdogo walikuja pamoja siku ya matokeo. Msichana alishika karatasi yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi nilijaza yote," alisema. "Hakuna mahali niliacha. Sasa nilikosa wapi?"

Niliona aibu. Jibu nilikuwa nalo. Ningeweza kumwambia baba yake mdogo kwamba mtoto alijifunza barabara kila kitu nilichomfundisha. Mzee alikuwa ananitazama kwa heshima, kofia mkononi, akisubiri.

"Kiswahili ni kigumu, mzee," nikasema.

"Ni kweli, mwalimu," akaitikia, akanishukuru kwa juhudi zangu, akamshika msichana bega wakaondoka.

Jumatatu niliingia darasani nikaandika sentensi ya kwanza. Kabla sijageuka, darasa zima lilikuwa limeshaanza: ki, u, ya, m.