Akabisha Hodi

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne, Tanga. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, naye hakuishi. Tangu siku hiyo alilala chumbani ameelekea ukutani, hasemi. Shangazi yangu alikuja kutoka Pongwe kutupikia. Kila nikitoka shule nilimwamkia mama, "Shikamoo," naye alinyanyua kidole tu.

Alasiri moja nilikaa sakafuni karibu na kitanda chake kufanya zoezi la Kiswahili. Jua lilipenya kwenye makuti likatawanyika ukutani, vidoa vyake vikitembea polepole. Uani shangazi alikuwa akikuna nazi, na mlio ule ulinitia usingizi. Mwalimu alikuwa ametupa habari yenye mapengo, tuyajaze kwa kiambishi *hu* au *ka*. Nilisoma kwa sauti, maana ndivyo tulivyozoeshwa.

"Bibi mmoja hukaanga vitumbua kila asubuhi. Huviuza sokoni. Siku moja alikwenda Moa kumtazama dada yake. Alipofika mlangoni..."

Hapo palikuwa na pengo, na pembeni yake neno *bisha*. Nikafikiri, mtu mwenye adabu hubisha hodi kila aendako. Nikaandika, nikasoma, "hubisha hodi."

"Akabisha."

Niligeuka. Mama alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Lakini mama, watu si hubisha siku zote?"

"Hubisha, ndiyo. Huyu unamsimulia siku yake moja. Alikwenda, alipofika akabisha. Jambo linafuata jambo."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Nilifuta, nikaandika *akabisha*. Niliogopa kunyamaza, nikasoma pengo lililofuata, ingawa hili nililijua. "Dada yake akafungua mlango."

"Kisha?"

"Akamkaribisha ndani. Basi, imeishia hapo."

"Haiwezi kuishia mlangoni," mama alisema. "Akaingia. Akaketi mkekani. Akaletewa maji, akanywa." Vidoa vya jua vilikuwa vimefika begani kwake. "Akamwambia dada yake, nilizaa mtoto. Alizaliwa alfajiri, akalia kidogo, akanishika kidole. Kisha akanyamaza."

Uani, mlio wa mbuzi ya nazi ulikoma. Shangazi alikuja akasimama mlangoni, mikono imejaa nazi iliyokunwa, asiingie.

"Dada yake akasemaje?" niliuliza.

Mama aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yananiona. "Sijui, mwanangu. Labda alilia naye."

Shangazi akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia naye. Mimi nililala pale pale sakafuni nikiwasikia wakimzungumzia yule mtoto, nywele zake, rangi yake, alivyofanana na babu, mpaka maneno yao yakachanganyika na usingizi wangu.

Kesho yake mwalimu alinipa alama zote. Mama alitaka kuliona zoezi. Alilisoma akiwa amekaa uani, bakuli la uji mapajani, akaniuliza kama hao wa Moa niliwatunga mwenyewe.

"Ni wa mwalimu," nikamwambia.