Kundi Nililosahau Kuliondoa

Mama alizikwa Muyinga kabla ya mitihani, nami sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Baada ya maziko nilifunga chumba chake kwa kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni, nikarudi Gitega, kwenye chuo nilikokuwa nikisomea ualimu wa kemia. Mama mdogo alitaka kupanga nguo za marehemu. Nikamwambia zisiguswe mpaka nimalize masomo.

Kwenye mtihani wa kwanza nilianguka vibaya. Ikabaki session ya pili, yaani mtihani wa marudio, ya mdomo, mbele ya ubao, na mwaka ule nilikuwa tayari ninaurudia. Nikianguka tena, chuo basi. Ningerudi Muyinga kulinda nyumba yenye kufuli.

Mwalimu wetu alifundisha kwa Kifaransa, lakini sisi tuliokulia Tanzania alipenda kututania kwa Kiswahili cha mjini. Siku hiyo aliniita, akachora pete ya benzeni.

"We Mtanzania, leo iko kazi. Anza na hii. Mwisho mi nataka anilini yenye nitro pembeni, jirani kabisa na nitrojeni yake. Iliyo mkabala, hapana."

Swali lilelile lililoniangusha. Mara ile nilitia nitro moja kwa moja kwenye anilini, akacheka mpaka akavua miwani. Anilini haivumilii asidi ya nitriki. Inaoksidishwa na kuwa kama lami, na kwenye kinachosalia nitro inakwenda isikotakiwa.

Nikaandika. Mkono ulikwenda wenyewe, mimi nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki, zote kali, zikichanganywa kwenye baridi, joto lisipite nyuzi sitini, la sivyo nitro ya pili nayo inaingia. Nitrobenzeni hiyo. Kisha chuma na asidi ya hidrokloriki, halafu soda kali, na anilini inatoka huru. Kisha nikaivika kundi la asetili juu ya nitrojeni ili itulie.

"Bon. Na sasa?"

"Sasa nitro ingependa kwenda mkabala, Mwalimu, kwa sababu pembeni pamebanana. Naitangulia. Naweka kundi la sulfoni pale mkabala, likae kwenye hiyo nafasi. Nitro ikija, inakuta pamejaa, inakwenda pembeni."

Nikaiweka nitro pembeni. Nikaweka chaki chini.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

Aligonga ubao kwa kidole.

"Mi nimeomba nini?"

Nikatazama ubao. Kundi la sulfoni lilikuwa bado limesimama palepale nilipoliweka, na asetili juu ya nitrojeni. Nilikuwa nimeyaweka mwenyewe, kwa makini, nikayazoea mpaka nikaona ndiyo mwisho wake.

"We umeliweka lilinde nafasi," akasema, safari hii bila utani. "Kazi yake imeisha. Nani atalitoa?"

Sikuona aibu wala hofu. Niliokota chaki. Asidi iliyozimuliwa kwa maji, na moto. Kundi la sulfoni linang'oka kama lilivyoingia, maana mwitikio ule unarudi nyuma maji yakizidi. Asetili nayo inaondoka. Nikamalizia kwa soda kuondoa asidi. Ikabaki pete, nitrojeni yake, na nitro jirani.

"Umepita. Kidogo tu, lakini umepita."

Nikasema asante. Furaha sikuiona popote.

Wiki ile nilipanda basi kwenda Muyinga, kwa kuganduka, siku familia inapomaliza msiba na watu kurudi kwenye majembe yao. Shangazi na majirani walikuwa wamejaa uani. Mama mdogo alinipokea mlangoni.

"Tulikuwa tunakungoja wewe tu, mwanangu. Kila kitu kipo tayari, ila chumba."

Nikatoa ufunguo. Kufuli lilifunguka bila shida yoyote, na hilo liliniudhi.

Ndani kulikuwa na vumbi na harufu ya mafuta ya cherehani. Mama alikuwa fundi nguo tangu tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Juu ya cherehani kulikuwa na koti jeupe, lile walimu wa kemia wanalovaa maabara. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshashonwa, na vifungo vyote. Mkono mmoja ulikuwa bado, umebanwa kwa pini tu.

Alikuwa akinishonea. Siku zote nilizotembea na ufunguo, koti lilikuwa humu, na mimi ndiye niliyelifungia.

Nikakaa sakafuni nikalia, kwa sauti, hata wanawake wa uani wakasikia. Mama mdogo hakunibembeleza. Alikifuta kiti vumbi kwa kanga yake, akakaa kwenye cherehani, akatia uzi kwenye sindano.

"Inuka," akasema. "Nyoosha mkono nipime."