Wateja Wangu wa Jioni

Wateja wangu wa jioni hawakuwepo. Nianzie hapo, maana kwa miezi mingi niliwaambia watu kwamba wapo, tena kwa maringo.

Nashona mapazia Ruiru, upande wa Kimbo, katika chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Kazi yangu hupatikana kwa kutajwa: mjenzi anakutaja kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba anakutaja kwa jirani. Na watu hao, nilivyoona, hutajana jua likishazama. Kundi moja la wafanyabiashara lilikuwa likikutana hotelini Thika kila Alhamisi jioni, na kila wiki nilialikwa. Lakini nina binti wa miaka minne, tunaishi wawili tu, na daycare inafungwa saa kumi na moja na nusu. Ukichelewa unamkuta mwalimu mlangoni, mtoto mkono mmoja, begi mkono wa pili.

Mtu mwenye akili angewaeleza hivyo. Mimi niliandika kwenye kundi, "Asanteni, ila Alhamisi jioni nina wateja." Niliisoma mara mbili, nikajipenda.

Kisha kundi likaanzisha mkutano wa mtandaoni, mchana, kwa wasioweza kutoka jioni. Hapo hata mimi sikuwa na kisingizio. Nilitundika pazia langu zuri kuliko yote nyuma ya kiti, lifiche kamba ya nguo, nikapaka wanja. Mnagawanywa katika vyumba vidogo, watu watatu au wanne, na kila mmoja anasema anafanya nini na angependa kujulishwa kwa nani. Baada ya mkutano unamwandikia yule mliyeelewana naye. Nilitangaza kwamba natafuta "wateja wakubwa", kwa sauti ambayo hata mama yangu asingeitambua.

Chumbani mwetu mlikuwa na mwanamke wa Thika anayesimamia nyumba za kupangisha. Kamera yake ilikuwa imezimwa. Network yake, alisema, ni mbaya. Nilimwandikia siku hiyo hiyo. Tulielewana, akanidokezea kwamba kuna jengo jipya Witeithie linalotaka mapazia kila dirisha. Akauliza kama anaweza kunipigia jioni tuongee vizuri. Nikamjibu, "Jioni nimebanwa na wateja, madam."

Wakati huo dada yangu alikuwa amenitafutia kazi ya duka Nairobi, na walitaka jibu kabla ya mwezi kuisha. Kuikubali kungekuwa kutoka mtoto akiwa amelala na kurudi akiwa amelala. Jengo lile la Witeithie ndilo lililokuwa tegemeo langu la kukataa. Kila simu ikilia, naacha cherehani naikimbilia.

Ujumbe wa yule mwanamke ukaja, mrefu na wa upole. Kazi alikuwa amempa fundi mwingine. "Niliona wewe uko na wateja wengi sana, nikasema nisikusumbue."

Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikamwendea binti yangu kwa wakati, kama kawaida.

Mkutano uliofuata niliingia bila wanja. Kwa bahati tukapangwa tena chumba kimoja, mimi, yeye na jamaa mmoja wa kuuza vigae. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mimi jioni sina mteja hata mmoja. Niko na mtoto. Mtu akinitaka, anipate asubuhi ama mchana. Na kusema ukweli, kazi ndiyo natafuta, hata dirisha moja."

Nilisogeza uso karibu na skrini. Nikadhani nimetupwa nje ya mkutano. Kisha kamera ya yule mwanamke ikawaka. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, bakuli la uji mapajani, na nyuma yake mama mzee amelala ubavu, anamtazama.

"Network yangu iko sawa," alisema. "Ni mathe. Aligonjeka, na mimi ndiye humlisha. Nilikuwa naona aibu muone hivi."

"Wui, pole madam."

"Hata mimi hizo Alhamisi sijawahi enda. Witeithie imeenda, hiyo siwezi rudisha. Lakini niko na nyumba moja hapa Thika inataka mapazia. Kuja kesho saa nne upime. Mathe hulala hiyo saa."

Jamaa wa vigae akakohoa, akasema kwamba saa tisa yeye huwa kwenye geti la shule, akiwangoja watoto wake wawili, na kama tungependa kunywa chai siku moja asubuhi, yuko.

Nilimpigia dada yangu kumwambia siendi Nairobi.

"Kwani umepata wateja wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja!"

"Na bado hajachagua rangi."

Alinitukana kidogo, kwa upendo, akakata. Jumatatu, siku ambayo ningeripoti kazini, binti yangu aliamka, akaja jikoni akijikuna tumbo, akanikuta, akaomba uji. Hakushangaa hata kidogo kunikuta pale.