Safu ya Tatu

Mwalimu wa kemia alipohamishwa, mkuu wa shule aliniita ofisini kwake, akasukuma mezani kitabu kinene ambacho jalada lake lilishikiliwa na gundi ya karatasi. Kilikuwa mwongozo wa maabara, wote kwa Kiingereza, na mchwa walikuwa wametafuna kona za kurasa. Mimi nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa biolojia katika shule hiyo ya kata, upande wa Kyerwa, nikilipwa kwa michango ya wazazi pale ilipopatikana.

"Mthibiti ubora anakuja kukagua maabara," alisema. "Akiona watoto hawawezi kufanya majaribio wenyewe, kidato cha nne hawafanyi kemia mwaka huu. Wataandikishwa masomo ya sanaa tu."

"Mkuu, kitabu ni kimoja."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Kifupishe. Waandikie hatua, tahadhari na kitakachotokea. Kemikali hazitoshi kurudia rudia, basi angalau wajue mwisho wake."

Nilichora safu tatu kwenye karatasi kubwa za manila. Ya kwanza ilikuwa hatua, kila moja ikianza na kitendo: weka, ongeza, tikisa, pasha. Nilijifunza haraka kwamba si kila neno katika mwongozo linaweza kukatwa. Palipoandikwa uongeze amonia tone kwa tone, kisha kwa wingi, nilitamani kuandika "ongeza amonia" tu, nafasi ilikuwa ndogo. Lakini mwanafunzi akimimina yote kwa mkupuo, mashapo meupe yanatokea na kuyeyuka kabla hajayaona, naye ataandika kwamba hakuna kilichobadilika. Nikaandika yote, kwa herufi ndogo.

Safu ya pili ilikuwa tahadhari. Usielekeze mdomo wa tyubu kwa mwenzako unapopasha. Usinuse moja kwa moja, punga hewa kwa mkono. Mimina asidi ndani ya maji, usimimine maji ndani ya asidi. Usile wala usinywe maabara.

Safu ya tatu ilikuwa kitakachotokea: mashapo meupe, yanayeyuka kabisa amonia ikizidi, basi metali ni zinki.

Siku ya kwanza ya mazoezi niliwakuta wasichana wawili wa mbele wakitafuna, na tyubu zenye chumvi ya madini ya risasi ziko mikononi.

"Mmesoma tahadhari?"

"Tumesoma, madam."

"Sasa mnakula nini?"

Walitazamana. Mmoja alifungua kiganja: kahawa kavu za kutafuna, zile ambazo nyumbani kwao mgeni hapewi kitu kingine kabla yake.

"Hii siyo kula, madam," alisema kwa upole, kama anayenielekeza. "Ni kahawa."

"Kula ni matoke," mwenzake akaongeza, na darasa likacheka. Niliwatuma wakateme na kunawa kwa sabuni, kwa sababu risasi ni sumu na inasafiri na vidole. Kisha nikaongeza mstari: usitafune kahawa. Huo ndio mstari pekee ambao haukuwa katika mwongozo.

Yule aliyenielekeza nilikuwa namfahamu. Mama yake, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, alikuwa ameshawaambia watu kwamba binti atasomea uuguzi, na uuguzi bila kemia haupo. Binti hakuongea sana juu ya hilo. Alikuwa akikaa karibu kabisa na ukuta wenye karatasi zangu na kusoma midomo ikitikisika.

Alizikariri zote. Wiki moja kabla ya ukaguzi, ungemuuliza chochote kwa namba ya jaribio, angekupa hatua, tahadhari na matokeo bila kupumua. Nilifurahi. Nilimpa hata kazi ya kuwasikiliza wenzake jioni, baada ya kuchota maji.

Mthibiti ubora alitoka mjini Rubwera kwa bodaboda, mama wa makamo, koti lake limejaa vumbi. Wanafunzi wakasimama: "Shikamoo." Akaitikia, akazunguka akisoma ukuta taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaufunika ukuta ule kwa kanga mbili alizoomba kwa walimu, akampa yule binti kimiminika safi kama maji.

"Kipime kwa amonia, uniandikie unachoona."

Nilisimama nyuma. Aliongeza tone kwa tone, na mashapo meupe yakatokea. Akaendelea kuongeza. Akatikisa. Akaandika, akaacha kalamu.

Mthibiti alisoma kwa sauti: "Mashapo meupe, yakayeyuka kabisa amonia ilipozidi. Ni zinki." Akainua tyubu kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. "Yameyeyuka wapi, mwanangu?"

Binti aliitazama tyubu, kisha kanga zilizofunika ukuta.

"Ni zinki kweli. Niliitayarisha mwenyewe. Lakini hiki ulichoandika hukukiona."

"Karatasi inasema hivyo," alijibu.

Mthibiti alifungua chupa ya amonia, akapunga hewa kuelekea puani, akanipa na mimi. Haikuwasha. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na amonia huwa inatoroka polepole hadi chupa ibaki karibu na maji matupu. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiandika kile kilichopaswa kutokea. Hata wanne waliopewa jaribio hilo pamoja naye walikuwa wameandika kuwa mashapo yameyeyuka, huku tyubu nyeupe zikiwa mbele yao.

"Nitarudi mara moja zaidi," aliniambia mlangoni. "Mkibaki hivi, siwezi kusaini kibali cha kemia. Siwaonei."

Jioni hiyo binti hakwenda nyumbani. Nilimkuta nyuma ya maabara, kichwa kwenye magoti.

"Nitamwambia nini mama?"

Mkuu alikuwa tayari ameomba orodha ya masomo ya sanaa. Niliingia ndani, nikachukua mkasi na kukata safu ya tatu kwenye kila karatasi, kuanzia juu hadi chini. Mkuu aliponiona alishika kichwa.

"Sasa watajuaje?"

"Watatazama."

Alitoa simu, akampigia mkuu mwenzake wa shule ya Nyakakika, akaomba amonia mpya. Siku zilizobaki tulifanya majaribio machache tu, kila kitu kwa matone ya kuhesabika. Waliniuliza bila kukoma: "Madam, ni sawa?" Nami nikawajibu: "Umeona nini?" Baadhi walilia. Wengine waliacha kuja. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kwamba sikuwa nimewamaliza kabisa.

Mthibiti aliporudi, hakugusa amonia. Alimpa binti unga mweupe, tyubu kavu na taa ya spiriti. "Pasha. Niandikie."

Binti alielekeza mdomo wa tyubu ukutani, akapasha. Unga ukageuka njano, njano ya wazi. Nyuma yangu mkuu alishusha pumzi. Wenzake walimtazama, wakisubiri aandike. Alizima taa, akaiweka tyubu kwenye kishikio, akakaa mikono mapajani. Hakugusa kalamu. Mkuu alininong'oneza: "Amesahau."

"Unangoja nini?" mthibiti akauliza.

"Bado ya moto, mama."

Tulikaa. Taratibu, njano ikaanza kufifia pembezoni, kisha ikaondoka yote, unga ukawa mweupe tena. Ndipo binti alipovuta karatasi karibu na kuandika: njano ukiwa wa moto, mweupe ukipoa.

Mthibiti alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna kingine, akafungua begi lake na kutoa kalamu.